Faida Ipo, Pesa Haipo: Siku 40 za Duka la Jumla

Lori la sabuni limefika Mwanza kutoka Dar es Salaam. Makuli wanashusha, karani anahesabu katoni, na muuzaji wa kiwandani amepiga simu mara mbili tangu asubuhi akiulizia malipo ya mzigo wa safari iliyopita. Mwenye duka hana pesa ya kumlipa. Wala si kwamba biashara ni mbaya. Hesabu za mwaka zinaonyesha faida, wateja wanapanga foleni, na ghala limejaa hadi mlangoni.

Hali hii wafanyabiashara wa jumla wanaijua vizuri, na wengi hudhani chanzo chake ni wizi wa wafanyakazi au matumizi ya nyumbani. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi pesa haijaibwa, imechelewa tu. Imelala katika katoni ambazo bado hazijauzwa na katika daftari la wateja ambao bado hawajalipa, wakati kiwanda kimekwisha kulipwa au kinadai. Kuna njia ya kupima kuchelewa huko kwa siku, na hesabu yake haihitaji zaidi ya kugawanya, kujumlisha na kutoa.

Ili hesabu ionekane wazi, tuchukue duka la mfano la Mwanza. Linauza sabuni, mafuta ya kupikia, biskuti na betri. Wateja wake ni maduka ya rejareja ya mjini, ya Geita na Sengerema, na ya visiwa vya Ukerewe. Kwa mwaka linauza bidhaa za shilingi bilioni 3.65, yaani wastani wa milioni 10 kwa siku bila kodi ya ongezeko la thamani. Bidhaa hizo limezinunua kwa wastani wa milioni 9.2 kwa siku. Faida ghafi ni asilimia 8 ya mauzo, kiwango cha kawaida kwa mtu anayeuza kwa wingi na kwa bei ya ushindani.

Safari ya katoni moja

Katoni ya sabuni inaingia ghalani siku ya kwanza, na hapo hesabu ya siku inaanza. Kiwanda kimekubali kutoa mzigo kwa mali kauli, malipo baada ya siku 15. Siku hizo zinapotimia, kiwanda kinalipwa, lakini katoni bado iko ghalani. Inauzwa siku ya 30, tena kwa mkopo, kwa duka la rejareja. Duka hilo linalipa baada ya siku 25 nyingine. Pesa inarudi mkononi siku ya 55.

Kati ya siku ya 15, pesa ilipotoka, na siku ya 55, iliporudi, zimepita siku 40. Wataalamu wa fedha huuita muda huo mzunguko wa fedha. Waliouweka wazi kama kipimo cha uwezo wa biashara kulipa madeni yake ni wasomi wawili wa Marekani, Verlyn Richards na Eugene Laughlin, katika makala yao ya mwaka 1980. Hoja yao ilikuwa kwamba kulinganisha mali na madeni ya siku moja hakutoshi. Mtu anaweza kuonekana ana mali nyingi kuliko madeni, kumbe mali zenyewe zitachukua miezi kugeuka pesa.

Bila shaka hakuna anayeifuatilia katoni moja moja. Mwenye duka anachukua namba tatu kutoka vitabuni mwake, kisha anazigawa:

Siku za mzigo = thamani ya mzigo uliopo ÷ gharama ya bidhaa zinazouzwa kwa siku

Siku za madeni ya wateja = madeni yote ya wateja ÷ mauzo ya siku

Siku za kulipa viwanda = madeni yote ya viwanda ÷ gharama ya bidhaa kwa siku

Mzunguko wa fedha = siku za mzigo + siku za madeni ya wateja − siku za kulipa viwanda

Duka letu lina mzigo wa shilingi milioni 276. Ukigawa kwa milioni 9.2 unapata siku 30. Wateja wanadaiwa milioni 250, na hizo ukizigawa kwa milioni 10 ni siku 25. Viwanda vinadai milioni 138, yaani siku 15. Thelathini na 25 ni 55. Toa 15, zinabaki 40.

Mzigo na madeni ya viwanda hugawanywa kwa gharama kwa sababu vimeandikwa vitabuni kwa bei ya kununulia. Madeni ya wateja yameandikwa kwa bei ya kuuzia, ndiyo maana yanagawanywa kwa mauzo. Anayechanganya hizo mbili anapata siku zisizo sahihi, na kadiri faida yake kwa kila katoni inavyokuwa kubwa, ndivyo kosa linavyokuwa kubwa.

Nani anabeba siku 40

Siku hizo zina bei. Ukijumlisha mzigo na madeni ya wateja, kisha ukatoa madeni ya viwanda, unapata milioni 388. Hiyo ni pesa ambayo lazima iwepo muda wote ili duka lizunguke. Mwenye duka ameweka milioni 200 zake mwenyewe. Milioni 188 zilizobaki anazipata benki kwa ovadrafti, na tuseme riba ni asilimia 16 kwa mwaka.

Riba hiyo ni takriban milioni 30. Faida ghafi ya mwaka ni milioni 292, na pango, mishahara, mafuta ya lori na gharama nyingine za uendeshaji vinakula milioni 200. Baada ya riba zinabaki milioni 62 hivi. Kwa maneno mengine, karibu theluthi ya faida iliyobaki baada ya gharama za uendeshaji inakwenda benki kulipia kuchelewa kwa pesa.

Hatari kubwa zaidi inajitokeza biashara inapokua. Tuseme mwaka unaofuata mauzo yanapanda kwa asilimia 30, hadi milioni 13 kwa siku, na siku zote zinabaki zilezile. Mzigo unaohitajika ni mkubwa zaidi, wateja wanadaiwa zaidi, na viwanda navyo vinadai zaidi. Pesa inayohitajika inafika milioni 504, ongezeko la milioni 116. Faida yote ya mwaka uliopita ilikuwa milioni 62. Hata kama mwenye duka asingetoa shilingi moja kwa ajili ya familia yake, faida isingetosha kulipia ukuaji huo. Pengo la zaidi ya milioni 50 lazima litoke benki, kwa ndugu, au kwa kuwachelewesha viwanda.

Na kwa kawaida siku hazibaki zilezile. Ili kupata mauzo hayo mapya, duka linawaongezea wateja muda wa kulipa, na siku za madeni zinatoka 25 hadi 32. Linaongeza aina za bidhaa ili mteja asitoke mikono mitupu, na siku za mzigo zinafika 36. Viwanda vikiona malipo yanasuasua, vinapunguza mali kauli kutoka siku 15 hadi 10. Mzunguko sasa ni siku 58, na pesa inayohitajika ni milioni 727, karibu mara mbili ya mwanzo, wakati mauzo yameongezeka kwa chini ya theluthi moja.

Dalili ya mapema ya hali hii haionekani kwenye hesabu ya faida, kwa sababu huko mambo yanaonekana mazuri. Inaonekana kwenye taarifa ya benki. Ovadrafti yenye afya hupanda na kushuka: inapanda mzigo unapolipiwa, inashuka wateja wanapolipa. Ikifika mahali haishuki tena hata siku moja ya mwezi, imeacha kuwa msaada wa muda na imekuwa sehemu ya mtaji. Benki ikiamua kupunguza kikomo chake, duka halitakuwa na pa kwenda.

Mzigo unaokimbia na mzigo uliolala

Siku 30 za mzigo zinasikika nzuri, lakini ni wastani, na wastani huficha mengi. Mwenye duka anapougawa mzigo wake kwa makundi, anakuta bidhaa zinazokimbia, kama sabuni za mche, mafuta na biskuti za bei ndogo, zina mzigo wa milioni 126 na zinauzwa kwa gharama ya milioni 8.4 kwa siku. Hizo zinakaa ghalani siku 15 tu.

Kilichobaki ni milioni 150 za bidhaa zinazouzwa kwa gharama ya shilingi 800,000 kwa siku. Hizo zinakaa siku 187, zaidi ya miezi 6. Zaidi ya nusu ya pesa iliyoko ghalani imefungwa katika bidhaa zinazoleta chini ya sehemu moja ya kumi ya mauzo. Humo mna manukato yaliyonunuliwa kwa sababu kiwanda kilitoa punguzo kwa atakayechukua katoni 200, saizi za betri ambazo redio za siku hizi hazitumii, na biskuti ambazo tarehe yake ya mwisho inakaribia. Namba ya jumla haikusema lolote kuhusu hayo, kwa sababu sabuni zinazokimbia zimefidia manukato yaliyolala.

Punguzo la wingi ndilo mtego wa kawaida hapa. Kiwanda kinapunguza asilimia 4 kwa anayenunua mzigo wa miezi 6 kwa mkupuo mmoja. Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, kuikalia pesa miezi 6 kunagharimu asilimia 8. Kwa kuwa mzigo unapungua taratibu, wastani wake katika kipindi hicho ni nusu, na gharama inakuwa karibu asilimia 4. Punguzo lote limekwisha kabla ya kuhesabu nafasi ghalani, panya, na katoni zilizolowa masika.

Duniani wapo waliojenga biashara nzima juu ya kuukwepa mtego huu. Costco ya Marekani, inayouza kwa wingi kwa wanachama wake, huweka aina chini ya 4,000 tu za bidhaa katika kila ghala lake, ili kila kilichopo kikimbie. Hesabu zake za mwaka wa fedha 2023 zilionyesha mzigo wa dola bilioni 16.7 hivi na madeni ya wauzaji wake ya dola bilioni 17.5. Ukizigawa kwa gharama ya bidhaa kwa siku, mzigo ulikaa karibu siku 29, na wauzaji walilipwa baada ya karibu siku 30. Kwa kuwa wanachama hulipa papo hapo, mzunguko mzima ulikuwa karibu na sifuri. Kwa kiasi kikubwa bidhaa zilizo kwenye rafu zake zimewekwa kwa pesa ya waliozileta.

Duka la Mwanza haliwezi kuiga yote hayo, kwa sababu halina nguvu hiyo mbele ya viwanda na wateja wake hawalipi papo hapo. Sehemu inayowezekana ni ile ya kwanza: kupunguza aina za bidhaa zisizotembea.

Daftari la madeni lisomwe kwa umri

Siku 25 za madeni ya wateja nazo zinadanganya, na uongo wake unatokana na namna zilivyopigwa hesabu. Nusu ya mauzo ya duka ni taslimu au kwa simu, na wanaonunua hivyo hawadaiwi chochote. Mauzo ya mkopo ni milioni 5 tu kwa siku. Ukigawa deni la milioni 250 kwa milioni 5, unaona kwamba anayekopeshwa analipa baada ya siku 50, wakati makubaliano ni siku 30. Hesabu ya siku 25 inafaa kupima pesa inayohitajika kwa biashara nzima. Kwa kupima tabia ya wakopaji, hesabu sahihi ni ile ya siku 50.

Kisha deni lenyewe ligawanywe kwa umri. Katika duka letu, milioni 120 hazijafikisha siku 30. Milioni 60 zina siku 31 hadi 60. Milioni 30 zina siku 61 hadi 90, na milioni 40 zimepita siku 90. Zaidi ya nusu ya daftari limepitiliza muda wa makubaliano. Kundi la mwisho linahitaji kuangaliwa jina kwa jina, kwani deni lililopita miezi mitatu mara nyingi haliwi tena la kuchelewa bali la kupotea, na milioni 40 zikipotea zinakula karibu theluthi mbili ya faida ya mwaka.

Si kila anayechelewa ni mkaidi. Wateja wa Ukerewe wanafuata kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu mitumbwi hupumzika, kwa sababu mwanga wa taa hauwavuti tena dagaa. Duka la kisiwani linapata pesa wavuvi wanapopata. Mkopo wa siku 14 uliotolewa mbalamwezi inapokaribia utaiva wakati kisiwa kizima hakina shilingi, na karani wa Mwanza ataandika kwamba mteja ni mkorofi. Tarehe ya malipo ikipangwa mwishoni mwa giza, mteja huyohuyo analipa bila kusukumwa. Kwa maduka ya vijiji vya pamba vya Usukumani ni hivyohivyo: pesa inafika msimu wa ununuzi unapofunguliwa katikati ya mwaka, na mkopo unaotolewa miezi michache kabla ya hapo lazima uhesabiwe kuwa mrefu tangu mwanzo, na bei yake iwekwe kwa kuzingatia hilo.

Jambo jingine linalopotosha ni kodi. Madeni ya wateja yanapoandikwa daftarini huwa yamejumlisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18, lakini mauzo katika hesabu ya faida huandikwa bila kodi. Deni la sabuni la milioni 250 bila kodi linasomeka milioni 295 likiwa na kodi. Ukiligawa kwa mauzo yasiyo na kodi, siku 25 zinageuka 29 na nusu, na mwenye duka anaweza kuwaka kwa hasira juu ya wateja ambao hawajafanya kosa. Namba zote mbili ziwe na kodi, au zote zisiwe nayo.

Kuna somo jingine ambalo wauzaji wa Kenya walilipata kwa gharama kubwa. Nakumatt ilikuwa na maduka makubwa zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Rafu zake zilijazwa na watengenezaji na wauzaji wa jumla waliosubiri malipo kwa wiki, kisha kwa miezi. Kila siku iliyoongezeka upande wa Nakumatt wa kulipa iliongezeka upande wa wauzaji wa kudai. Kwenye vitabu vya muuzaji deni hilo lilionekana kama mali nzuri: mteja mkubwa, jina kubwa. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Mwishoni mwa 2019 Kenya ilirekebisha sheria yake ya ushindani ili kuwabana wanunuzi wenye nguvu, na kuwachelewesha wauzaji malipo bila sababu ya haki kukawekwa miongoni mwa makosa.

Kwa duka la jumla, maana yake ni kwamba siku za madeni zisisomwe kwa jumla pekee. Ikiwa mteja mmoja anashika robo ya daftari na siku zake zinaongezeka kila mwezi, 38, halafu 47, halafu 61, mfululizo huo unaeleza zaidi kuliko ahadi zake.

Mali kauli si ya bure

Upande wa tatu, wa kulipa viwanda, ndio ambao wengi huukimbilia kwanza. Ukichelewa kulipa, mzunguko unafupika bila kumsukuma mteja yeyote. Lakini kiwanda nacho kina hesabu zake, na bei ya mali kauli huwa imefichwa katika punguzo ambalo mnunuzi halipati.

Tuseme kiwanda cha sabuni kinatoa punguzo la asilimia 1.5 kwa anayelipa lori linapopakia, na bei kamili kwa anayelipa baada ya siku 15. Asilimia 1.5 inaonekana ndogo. Lakini anayeikataa anakopa shilingi 98.5 kwa siku 15 na kulipia shilingi 1.5. Gawa, kisha zidisha kwa idadi ya vipindi vya siku 15 vilivyomo katika mwaka, unapata riba ya takriban asilimia 37. Benki inatoza 16.

Duka letu likikubali kulipa kila mzigo unapopakiwa, litapata punguzo la karibu milioni 50 kwa mwaka. Litahitaji milioni 138 zaidi za kufidia mali kauli iliyoachwa, na riba yake benki ni milioni 22. Linabaki na milioni 28 za ziada. Mzunguko wa fedha umerefuka kutoka siku 40 hadi 55, na faida imeongezeka. Mtu anayetazama siku pekee angesema duka limeharibika.

Hapo pana mpaka unaopaswa kuheshimiwa. Hesabu hiyo inafaa tu kama benki iko tayari kutoa milioni 138 hizo. Duka ambalo ovadrafti yake imefika kikomo halina uchaguzi. Litaendelea kulipa asilimia 37 kiwandani kwa sababu mlango wa asilimia 16 umefungwa. Na ndivyo inavyokuwa kwa maduka mengi: yenye uhitaji mkubwa wa pesa ndiyo yanayoinunua kwa bei ghali zaidi.

Pima mara 12, si mara moja

Kabla ya kufanya uamuzi wowote, mwenye duka ahakikishe kwamba namba zake hazikuchukuliwa siku isiyofaa. Hesabu nyingi hufungwa tarehe 31 Desemba. Kwa duka la Mwanza hiyo ni siku ambayo mzigo wa sikukuu umekwisha na wateja wengi wamelipa. Mzunguko uliopimwa siku hiyo unaweza kuonekana mfupi kwa siku 10 kuliko ulivyo Februari. Mzigo unaoagizwa kwa ajili ya Ramadhani nao huvimbisha ghala kwa wiki kadhaa kisha unayeyuka. Dawa yake ni kuchukua namba kila mwisho wa mwezi na kutumia wastani wa miezi 12, huku kila mwezi ukilinganishwa na mwezi uleule wa mwaka uliopita.

Pia ahesabu mzigo ulioko njiani. Ikiwa lori limelipiwa Dar es Salaam na litafika baada ya siku tatu, pesa yake imeshatoka ingawa ghalani hakuna katoni. Maduka mengi husahau sehemu hii kwa sababu karani huhesabu kinachoonekana.

Siku zilezile, faida nyingine

Sasa namba zote za duka la mfano ziwekwe pamoja, bila mkopo mpya wa benki. Mwenye duka anapunguza nusu ya mzigo uliolala kwa kuuuza kwa bei ya kununulia, na kuacha kuagiza aina zisizotembea. Hiyo inarudisha milioni 75. Anawafuata wadaiwa waliopita siku 60, ambao wanashika milioni 70, na anapata nusu, milioni 35. Kwa waliobaki anasimamisha mkopo hadi walipe, lakini anaendelea kuwauzia taslimu ili wasihamie kwa jirani wakiwa na deni lake.

Ana milioni 110 mkononi. Angeweza kuzipeleka benki kupunguza ovadrafti, na angeokoa riba ya karibu milioni 18 kwa mwaka. Akizitumia badala yake kulipa viwanda lori linapopakia, zinatosha kwa karibu asilimia 80 ya manunuzi yake, na punguzo lake ni milioni 40 hivi. Hilo la pili lina faida zaidi ya maradufu.

Matokeo yake yanashangaza kidogo. Siku za mzigo zimeshuka hadi karibu 22. Siku za madeni ya wateja zimeshuka hadi 21 na nusu. Siku za kulipa viwanda zimeshuka kutoka 15 hadi 3. Ukijumlisha na kutoa, mzunguko unabaki siku 40, na pesa inayohitajika inabaki milioni 388 zilezile. Lakini kwa kila mwaka wa kawaida unaofuata faida inatoka milioni 62 hadi takriban 102, kwa sababu pesa iliyokuwa imelala kwenye manukato na kwenye madeni sugu sasa inanunua punguzo kila lori linapopakia.

Mpango huu una gharama zake. Kulipa lori linapopakia kunamaanisha kwamba mzigo ni mali ya duka tangu Dar es Salaam, na ukipata ajali barabarani hasara si ya kiwanda tena, hivyo bima ya mzigo lazima iingizwe kwenye hesabu ya punguzo. Kulipa mapema kabla hata ya kupakia, kwa ahadi kwamba mzigo utatoka wiki ijayo, ni jambo jingine kabisa: hapo duka ndilo linalokopesha kiwanda, na kama sukari au sabuni imeadimika, foleni ya kiwandani inaweza kuzimeza siku zote zilizookolewa ghalani. Ndiyo sababu katika jedwali la kila mwisho wa mwezi, pembeni ya zile namba tatu, inafaa kuwe na safu ya nne ya malipo yaliyotangulia mzigo, kiwanda kwa kiwanda, na tarehe ambayo kila kimoja kiliahidi kupakia.